Mita Mbili Upande wa Jirani

"Sisaini! Nisaini nini? Miaka yote hiyo unaanika mashuka yako hapo, nimewahi kukuuliza?"

"Sasa si ndiyo maana nimekuja kistaarabu, shoga, kabla hujaulizwa wewe?"

"Niulizwe na nani? Benki yako? Benki yako inanijua mimi?"

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kinyozi wa ng'ambo alikuwa ametoka nje na mashine yake mkononi, mteja nyuma yake kichwa nusu kimenyolewa na nusu bado, wote wawili wamesimama kama wamelipa kiingilio. Muuza mkaa alikaa juu ya gunia lake ili aone vizuri. Katikati, kwenye ukuta mfupi unaotenganisha nyumba mbili, walisimama wanawake wawili waliozaliwa mtaa huu huu, wakacheza rede pamoja, wakazikiana wazazi na waume zao. Wa upande wa kulia ni mama dobi, tuliyempa jina la Mama Povu kwa sababu hajawahi kuonekana mkono mkavu. Wa upande wa kushoto ni Mama Redio. Huyo hahitaji maelezo. Ukipata mimba asubuhi, yeye alishajua jana jioni.

"Sikuombi ardhi," Mama Povu alisema, akainua karatasi yenye michoro. "Njia yako ya gari inapita kwenye kiwanja changu. Chumba changu cha kufulia kimeingia kwako mita mbili. Wazee wetu walibadilishana. Nataka tuandike tu kile walichokubaliana."

"Walikubaliana kwa mdomo, na mdomo umetosha hadi leo. Hata ukinifulia bure mpaka nizikwe, sisaini!"

Akaingia ndani, mlango ukapigwa.

"Wivu huo," alisema kinyozi.

"Anataka kitu kidogo," alisema muuza mkaa. "Mpe cha mkono, utaona wino unavyotoka wenyewe."

Mama Povu aliikunja ile michoro yake. Alikuwa amebakiwa na wiki tatu.

Jambo lenyewe lilianza vizuri, na ndiyo maana liliuma. Hoteli ya vyumba arobaini, ile mpya karibu na stendi, ilimwandikia barua: itampa mashuka na taulo zote kwa miaka miwili, malipo laki tisa kila mwezi. Sharti moja. Mashuka yakichukuliwa asubuhi yarudi jioni yamepigwa pasi, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa mikono na kamba za kuanikia, hilo haliwezekani. Zilitakiwa mashine mbili kubwa za kufulia, moja ya kukaushia, tangi na pampu. Jumla milioni kumi na tano. Yeye alikuwa na tatu, alizozidunduliza miaka sita. Kumi na mbili akaenda kuziomba benki.

Binti yake, karani wa shule, ndiye aliyeandika mchanganuo wa biashara. Aliuandika kwa lugha tamu sana. Ukurasa wa kwanza ulisema biashara ya dobi "ina mustakabali mng'avu usio na kikomo", na wa tano ulisema mapato yataongezeka maradufu kila baada ya miezi mitatu. Afisa mikopo, kijana mpole mwenye kalamu ya risasi nyuma ya sikio, aliusoma wote bila kucheka. Kisha akauliza:

"Mama, kwa mwezi unatumia sabuni mifuko mingapi?"

"Sita. Mwezi wa sikukuu saba."

"Risiti zipo?"

Zilikuwepo, zimetobolewa na kuchomekwa kwenye waya. Akazihesabu. Akaomba bili za maji, akaomba taarifa ya miezi kumi na miwili ya pesa zinazoingia kwenye simu yake. Siku ya tatu akaja mwenyewe nyumbani, akasimama uani kwenye tope na viatu vyake vya ofisini, akahesabu nguo kwenye kamba moja moja, mpaka vile ambavyo mwanamke hupenda visihesabiwe na mgeni.

"Unafanya nini, baba?" Mama Povu alimuuliza.

"Maneno ya kwenye karatasi kila mtu anayo, mama. Sabuni haidanganyi. Mifuko sita inafua nguo kiasi fulani, nguo kiasi fulani zinaleta pesa kiasi fulani. Zako zinalingana."

Akaukata ule mustakabali mng'avu kwa kalamu, pamoja na maradufu zote. Kilichobaki kilienea ukurasa mmoja. Kwa mwezi zinaingia milioni moja na laki sita na nusu. Sabuni, maji, umeme na wasaidizi wawili vinakula laki tisa na nusu. Nyumba inakula laki tatu na ishirini. Zinabaki laki tatu na themanini. Rejesho la mkopo kwa miaka mitatu, riba ikiwa ndani yake, laki nne na thelathini na nne.

"Haitoshi," alisema binti, uso umemshuka.

"Bila hoteli haitoshi," alisema afisa. "Hoteli ikija, toa gharama zake, zinaongezeka laki nne na ishirini. Lakini hizo hazijaingia bado, ni ahadi. Kwa hiyo nusu yake naitupa."

"Unaitupa kwa nini?" Mama Povu alishtuka. "Barua si umeiona?"

"Nimeiona, ina muhuri. Ila meneja anaweza kubadilishwa, vyumba vinaweza kukaa vitupu. Nikihesabu nusu tu, unabaki na laki tano na tisini. Sisi tunataka kwa kila mia unayotudai… samahani, tunayokudai, uwe na mia na ishirini na tano mkononi. Wewe una mia na thelathini na sita." Akafunga faili. "Umepita, mama. Na tatu zako ndiyo ile asilimia ishirini tunayotaka mteja aweke mwenyewe. Isipungue hata shilingi."

Siku hiyo Mama Povu alinunulia mtaa mzima soda. Hata Mama Redio alikunywa yake, akataka na ya kubeba.

Nyumba ya kuweka dhamana ilionekana ndiyo sehemu nyepesi. Hati ipo, jina lake mwenyewe, mirathi ya baba ilishamalizika. Benki iliuliza idhini ya mume, akapeleka cheti chake cha kifo. Mthamini akaja na kamera na utepe wa kupimia. Kwenye soko alisema milioni thelathini. Ikiuzwa haraka kwa mnada, ishirini. Benki hukopesha hadi asilimia sabini ya hiyo ya mnada, yaani kumi na nne. Kumi na mbili zinaingia na nafasi inabaki.

Halafu mthamini akapima upande wa kushoto. Akapima tena. Akafungua ramani ya hati, akaigeuza, akaivuta karibu na macho.

"Chumba hiki cha kufulia ulijenga wewe?"

"Baba yangu."

"Kimesimama kwa jirani."

Ndipo Mama Povu akamweleza lile ambalo mtaa mzima unalijua na hakuna aliyeona linafaa kuandikwa. Baba yake Redio alitaka mkokoteni wake uingie mpaka uani, na njia ilikuwa nyembamba. Baba yake Povu akamwachia ukanda wa mbele. Baba yake Redio naye akamwachia ukanda wa ubavuni, maana ndiko ardhi inakoteremka na maji ya sabuni yanakimbia yenyewe bila mtaro. Wakapeana mikono, wakanywa chai. Hati zilipotoka miaka baadaye, zilifuata ramani ya zamani, na wazee hawakwenda kubisha. Kubisha nini, na wao wanajuana?

Mthamini aliandika yote. Chini kabisa akaandika mstari mmoja: jengo limevuka mpaka, haliuziki katika hali hii.

Mwanasheria wa benki alitoa njia. Majirani wasaini mkataba wa kubadilishana, mpima ardhi arekebishe mipaka, ofisi ya ardhi isajili. Wakianza mara moja na risiti ya ofisi ya ardhi ikapatikana, benki itasubiri kidogo. Hoteli haitasubiri. Meneja alishasema: kazi inaanza tarehe moja mwezi ujao.

Kwa hiyo ndiyo ule ugomvi wa asubuhi, na kinyozi na kichwa chake cha nusu.

Siku nne baadaye mpima ardhi alimwita Mama Povu pembeni. Alikuwa mzee wa makamo mwenye adabu, na alionekana kama mtu aliyeokota kitu ambacho si chake.

"Kabla ya kuchora mkataba wowote lazima nipekue daftari la ardhi, viwanja vyote viwili," alisema. "Si siri, yeyote akilipa ada anaonyeshwa. Cha kwako ni safi. Cha jirani kina rehani."

"Rehani ya nini?"

"Kampuni ya mikopo. Mwaka jana. Hati yake iko kwao. Hawezi kukata wala kuongeza hata unyayo bila wao kukubali kwa maandishi."

Mama Povu aliikunja mara nne nakala ya upekuzi aliyopewa, akaisokomeza kifuani. Mtu mwingine, akiwa ametukanwa mbele ya kinyozi, angepita nayo kibandani kwa muuza mkaa tu, basi, mpaka adhuhuri habari ingekuwa imefika stendi. Yeye alizungukia mlango wa nyuma wa Mama Redio. Alimkuta anachambua mchele kwenye ungo.

Akamwekea karatasi juu ya mchele.

Mama Redio aliisoma polepole. Hakuuliza imetoka wapi. "Nani mwingine ameiona?"

"Mimi na mpimaji."

"Binti yako?"

"Bado."

Ikatoka sauti ndogo ambayo mtaa haujawahi kuisikia. "Ni kitinda mimba wangu. Alitaka kufungua duka la simu. Alinijia na vitabu vyake vya hesabu, vimeandikwa vizuri, nikaona mtoto amepata akili. Wale hawakuhesabu kitu chochote, shoga. Hawakuja dukani, hawakuuliza anauza ngapi. Waliuliza tu nyumba ina thamani gani. Nilidhani ndiyo wema."

"Na duka?"

"Limefungwa. Naye hata simu hapokei. Marejesho matatu hayajalipwa, laki kumi na moja. Dada zake wakijua kwamba nimeweka rehani nyumba ya babu yao, wataning'oa hata meno." Aliupapasa mchele bila kuuchambua. "Ningesaini siku ile ile. Ningesaini kwa vidole vya miguu. Lakini mkono wangu si wangu."

"Tungeenda kuwaomba kibali."

"Nikigonga mlango ule kuomba kibali, wataniambia keti, tuanze na deni. Sasa hivi wamenisahau kidogo. Unataka niwakumbushe?"

Jioni ile Mama Povu alimweleza binti yake, akamwapisha kwanza. Wakakaa na daftari. Mpimaji alishasema kampuni inaweza kukubali, iwapo malimbikizo yatalipwa yote, na kibali chenyewe kinachukua siku sitini.

"Tulipe sisi," alisema Mama Povu. "Laki kumi na moja, kwenye zile tatu."

"Halafu unabaki na milioni moja na laki tisa. Benki inataka tatu zako mwenyewe, mama. Unafungua mlango mmoja unafunga mwingine."

"Nikope za kujazia."

"Rejesho la huo mkopo watalitoa kwenye laki tano na tisini. Na siku sitini? Hoteli tarehe moja."

Walipiga hesabu kwa kwenda na kwa kurudi. Kila walipovuta shuka kufunika kichwa, miguu ilibaki nje.

Afisa mikopo alimpokea kwa kusimama, na Mama Povu akajua. Watu wa benki hawasimami wakiwa na habari nzuri. Nzuri wanakupa wameketi.

"Nimelipeleka faili lako kwenye kamati kwa mikono yangu," alisema. "Uwezo wa kulipa, hakuna aliyebisha. Nimeona wenye maduka makubwa wasio na hesabu safi kama yako."

"Sasa si unipe, baba? Kama nitalipa, nyumba mtaitakia nini?"

"Ni kweli, dhamana hailipi mkopo. Biashara ndiyo inalipa. Dhamana ni ya ile siku ambayo mashine zimeungua, hoteli imefungwa na wewe mwenyewe uko kitandani. Siku hiyo sisi tunakwenda mnadani. Na mnadani hakuna mtu atakayenunua nyumba ambayo chumba chake cha kazi kiko kwa mwingine, na huyo mwingine ana mdai wake. Mwanasheria amekataa. Bila yeye siwezi kupitisha hata mia."

"Benki nyingine je?"

"Watapekua daftari lile lile." Alitoa kalamu sikioni, akairudisha. "Naweza kukupa milioni tatu, kwa dhamana ya mashine zenyewe na binti yako akiwa mdhamini kwa mshahara wake. Hilo ni langu, nalisaini leo."

Tatu na tatu, sita. Mashine moja na tangi. Ya kukaushia hakuna. Mama Povu alitoka pale moja kwa moja mpaka hotelini, kwa miguu, akamuuliza meneja kama angeanza na nusu ya vyumba.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamwagizia maji. "Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, hao wageni wa nusu hiyo nitawalaza juu ya nini, mama? Nilikuandikia wewe kwa sababu kazi yako naijua. Lakini kuna kampuni ya upande ule wa mjini ina mashine tayari. Wanakuja kesho."

"Tarehe moja bado siku tisa."

"Utakuwa nayo, hiyo mashine ya kukaushia, ndani ya siku tisa?"

Aliyatazama maji kwenye bilauri. "Hapana."

"Basi."

Ile milioni tatu ya benki hakuichukua. Mashine moja bila hoteli ingekuwa ya kufua mashati yale yale ambayo mikono inayafua sasa, ila kwa rejesho. Binti yake alitaka kulia, akaona mama halii, akaacha.

Mtaani habari zilikuwa zimetangulia, ila hazikuwa na kichwa. Kinyozi alimdaka akipita.

"Mama Povu! Tumesikia benki wamekutolea nje. Si huyu jirani yako? Sema tu, sisi tupo. Mtu anakunyima saini ya bure!"

Muuza mkaa alidakia: "Mimi nilisema. Roho ya korosho. Kesho tumsuse, mkaa asinunue kwangu."

Mlango wa Mama Redio ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Mama Povu aliuona. Aliona pia kitenge nyuma yake, kimesimama tuli.

"Jirani hana kosa," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Ni hesabu zangu. Nimepigia benki hesabu za uongo uongo, wakazigundua."

"Wewe? Uongo?"

"Mimi. Nilisema nafua nguo nyingi kuliko ninazofua. Wamehesabu sabuni, wakanicheka."

Kinyozi alimgeukia mteja wake. Mteja kitini akaanza kutabasamu, na Mama Povu aliliona lile tabasamu, akajua kabla ya magharibi litakuwa limezunguka: dobi alitaka kuidanganya benki. Karatasi moja tu maishani mwake iliyomsifu, ile ya mia na thelathini na sita, ndiyo aliyoitupa matopeni. Na hakukuwa na namna ya kuiokota tena bila kuitupa nyumba ya mwenzake.

Alifika uani. Wasaidizi wawili walikuwa wamekaa kwenye ndoo zilizofudikizwa, wanamtazama usoni. Mmoja alikuwa ameahidiwa kufundishwa mashine.

"Shika ile ndoo ya nyeupe," alimwambia. "Tuna mashati ya shule."

Akainama naye. Maji yalikuwa ya baridi. Alisugua kola tatu, ya nne akasimama nayo tu mkononi, povu linamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Ile mita mbili alikuwa ameikanyaga, mguu mmoja kwake, mguu mmoja kwa kampuni ya mikopo.

Kichwa kilichomoza juu ya ukuta mfupi. Macho mekundu, kilemba kimekaa upande.

"Kwa nini umesema vile?"

"Nimesema nini?"

"Usinifanye mtoto. Watakucheka mpaka mwaka kesho."

"Acha wacheke. Wakichoka watakuja kufuliwa nguo."

Mama Redio alifungua mdomo. Yeye ambaye maneno kwake ni kama maji ya bomba, alitafuta moja la kushukuru na moja la kuomba radhi, yote mawili yakamkwama. Angelipa nini? Saini hana, pesa hana, hata ukuta aliouegemea alikuwa ameuweka rehani.

"Tangu asubuhi umekula?" aliuliza mwishowe.

"Sijui. Nilikunywa maji hotelini."

"Maji!" Alipiga kofi juu ya ukuta. "Weka hilo shati chini. Waite na hao watoto wako, wote. Nimepika, na kimeiva muda, kinapoa. Zunguka, mlango wa mbele uko wazi. Ingia ule."